Imetoka, Hakuitoa

Safu hii imezoea kuzungumzia bei ya kahawa, barabara za vijijini na boti zinazojazwa abiria kupita kiasi. Leo twaomba ruhusa ya kuingia ndani ya nyumba, kwa adabu, tukazungumze juu ya msiba usiotangazwa, usio na jeneza wala turubai. Tunasema juu ya mimba inayotoka katika wiki za mwanzo, na juu ya rafiki anayekwenda kumwona aliyefikwa na jambo hilo.

Mtu mzima akifariki hapa kwetu Ijuganyondo, hapana anayeuliza afanye nini. Vijana watatafuta kuni, akina mama watakuja na mikungu ya ndizi, daftari la michango litafunguliwa, na wazee watakaa nje mpaka usiku. Hata asiye na la kusema ana kazi ya kushika. Lakini mimba ya wiki tisa haina mambo hayo. Sisi tuliopita chuoni tulifundishwa kwamba iliyotoka kabla ya kutimiza miezi minne haisaliwi, na kwa jirani zetu Wakristo nako kwa kawaida hapana msiba unaotangazwa. Basi mwanamke hurudi nyumbani siku hiyo hiyo, pengine kwa bodaboda, na kesho yake anaonekana akifagia uwanja. Jirani hajui kama aje au asije. Akija, hana kuni za kubeba wala daftari la kuandika jina lake, na kwa kuwa mikono yake haina kazi, mdomo wake ndio unaofanya kazi. Hapo ndipo ubaya unapoanzia.

Tutasimulia habari ya mwanamke mmoja wa kata hii. Yeye mwenyewe ameturuhusu, ila ametuomba tusimtaje jina, wala jina la shoga yake aliyemsaidia, wala kituo alikotibiwa. Mumewe ni mnunuzi wa dagaa kisiwani Bumbire, na hukaa huko majuma mawili au matatu kwa zamu. Mwanamke huyu alikuwa na mtoto mmoja wa miaka sita. Alipokosa siku zake alinunua kipimo cha mkojo dukani, kikaonyesha mistari miwili, akampigia mumewe simu. Katika wiki ya tisa, kwa hesabu yake, aliona matone ya damu.

Shoga yake alifuatana naye kwenda kupigwa picha ya altrasaundi. Daktari alisema kiini kinaonekana, urefu wake milimita tano, kipimo cha mimba ya wiki sita hivi, na mapigo ya moyo hayaonekani. Akamwambia arudi baada ya siku saba. Wengi hudhani kuambiwa hivyo ni uvivu wa mganga. Sivyo. Kiini kikiwa chini ya milimita saba, kukosa kuona mapigo ya moyo hakutoshi kutoa hukumu, kwa sababu yawezekana mimba ni changa kuliko ilivyohesabiwa. Utaratibu wa kitabibu wataka kitazamwe tena baada ya siku saba au zaidi, ili mimba iliyo hai isije ikaondolewa kwa makosa.

Siku hizo saba ni ngumu, na twafikiri hapo ndipo urafiki unapopimwa kwanza. Mwanamke ni mjamzito na si mjamzito. Dada wa mumewe alimwambia, "Usiwe na wasiwasi, mimi nilitoka damu miezi mitatu na mtoto yupo shuleni." Huenda ni kweli, lakini mtoto wa wifi hakuwa habari ya tumbo la mwenziwe. Shoga yake hakubashiri heri wala shari. Alimwambia, "Sijui itakuwaje. Jumatano nitakwenda nawe." Kisha akatimiza. Tulipomwuliza mwanamke huyu ni neno lipi lililomfaa kuliko yote katika wiki ile, alitaja hilo: kuambiwa "sijui" na mtu ambaye hakukimbia.

Picha ya pili haikuonyesha badiliko lolote. Daktari alimweleza njia tatu: kungoja mwili ufanye kazi yake wenyewe, kumeza vidonge vya kusaidia mfuko wa uzazi ujikaze, au kutolewa mabaki kwa bomba dogo la mkono, njia ambayo watu huiita "kusafishwa". Neno hilo la mwisho hatulipendi, na tunawaomba wauguzi wetu walitafakari. Anayesafishwa ni mwenye uchafu. Mwanamke huyu alilisikia hivyo hivyo, akachagua vidonge.

Akarudi nyumbani. Rafiki anayetaka kusaidia afahamu yatakayotokea, maana mgonjwa mwenyewe mara nyingi huambiwa kwa haraka naye huwa hasikii vizuri. Saa chache baada ya vidonge huja maumivu ya tumbo yanayobana na kuachia, na damu nyingi kuliko ya hedhi, yenye mabonge. Hali hiyo hudumu kwa saa kadhaa, halafu hupungua, na damu kidogo kidogo huweza kuendelea hata majuma mawili. Shoga yake alilala pale usiku huo. Alichemsha maji, akampeleka mtoto kwa jirani, na akahesabu pedi. Hesabu hiyo si ya umbea: pedi kubwa mbili zikilowa kabisa ndani ya saa moja, na saa ya pili ikawa vivyo hivyo, mgonjwa apelekwe hospitali bila kungoja kukuche. Kadhalika akizirai, au homa ikiendelea kupita siku moja, au pakitokea harufu mbaya au maumivu ya tumbo yasiyotulia. Usiku ule hakuna lililozidi. Alfajiri damu ilipungua, wakanywa uji.

Kwa ndugu zetu wa visiwani, yaani Bumbire, Ikuza, Goziba, Kerebe na kwingineko, jambo hili lina uzito wa peke yake. Boti haiondoki kila saa, na upepo ukichafuka haiondoki kabisa. Anayetokwa na damu katika wiki za mwanzo hafai kungojea dalili za hatari akiwa upande wa pili wa maji. Rafiki wa kisiwani anayetaka kumfaa mwenzake na aulize mapema boti ya nani yaweza kuondoka usiku na mafuta yapo au hayapo, na akubali kupanda naye, akikaa upande atakaompa stara mbele ya abiria wengine. Hiyo ni faraja kubwa kuliko hotuba.

Siku ya pili wageni walianza kufika. Kwa desturi ya Wahaya mgeni hapiti mlangoni bila kupewa kahawa ya kutafuna, na mwenye nyumba ndiye anayepaswa kuinuka. Mwanamke aliyemwaga damu usiku kucha akainuka kupokea watu waliokuja kumpa pole! Mara ya pili alipotaka kuinuka, shoga yake alichukua kahawa akagawa yeye. Tumelitaja hili dogo kwa sababu mwanamke yule hakulisahau.

Wageni wakasema. Mmoja alitaka kujua kama alibeba ndoo ya maji. Wa pili aliuliza juu ya bodaboda. Wa tatu alisema ni chango, na kwamba yuko bibi fulani mwenye dawa yake. Wa nne alishusha sauti akataja jirani mwenye kijicho. Wa tano, mtu wa dini, alisema Mungu ana sababu zake. Watu hawa hawakuwa wabaya. Kila mmoja alikuja na sababu kama mtu ajaye na zawadi, akiamini kwamba jambo likipata sababu hupungua uchungu. Lakini tazama zawadi hizo zinavyofunguliwa usiku, wageni wakiisha kuondoka. Ikiwa ni ndoo, basi ni yeye aliyeibeba. Ikiwa ni bodaboda, ni yeye aliyeipanda. Ikiwa ni kijicho, kesho atamsalimuje jirani yake? Na ikiwa Mungu amekusudia, basi hata kulia ni kumgombeza Mungu.

Sayansi inasemaje? Mimba zinazojulikana na wenyewe ambazo hutoka ni kama 15 katika kila 100, na nyingi katika hizo hutoka kabla ya wiki ya 12. Karibu nusu ya hizi za mwanzo hutoka kwa sababu mpangilio wa vinasaba vya kiini ulikosewa tangu siku ya kutungwa. Ndoo haikosei vinasaba, wala bodaboda. Lakini twataka kuwa waangalifu hapa, kwa kuwa sisi wenye kalamu nasi twapenda mno kueleza. Ziko pia mimba zinazotoka kwa malaria, ugonjwa tunaoujua sana katika mkoa huu, au kwa kaswende, au kwa maradhi mengine yanayotibika. Hakuna mgeni awezaye kujua ni ipi kati ya hizo kwa kukaa kitini na kutafuna kahawa. Hata tabibu mara nyingi hawezi kujua baada ya mimba moja. Kuuliza sababu kuna mahali pake, nako ni mbele ya mganga, mwenye mwili huo akitaka. Akitaka kuuliza, rafiki amsindikize. Lakini ule ukweli wa vinasaba wenyewe, ambao sisi tumeuandika hapa kwa raha, shoga yule hakuutaja mpaka alipoulizwa, na aliulizwa majuma matatu baadaye: "Unadhani ni mimi niliyefanya kitu?" Alijibu, "Hapana," akanyamaza. Mwanamke alipotaka zaidi ndipo akamweleza alivyosikia kwa daktari.

Sasa tufike kwenye neno lililotufanya tuandike makala hii. Lugha yetu ya Kiswahili imetuwekea shimo dogo njiani. Mimba imetoka, twasema. Ondoa herufi moja tu, umpe mtu kitendo: ameitoa. Vivyo hivyo imeharibika, na ameiharibu. Siku ya nne habari za mwanamke huyu zilifika sokoni zikiwa kamili, isipokuwa herufi hiyo moja ilikuwa imeanguka. Wakati huo mumewe alikuwa majini akivuka kuja nyumbani, na alipofika nchi kavu alikutana na swali la mtu: je, ni kweli mkeo ameitoa? Ongeza juu yake kwamba cheti alichopewa mkewe kilikuwa na neno la Kiingereza la kitabibu ambalo madaktari hulitumia kwa mimba iliyotoka yenyewe na kwa iliyotolewa pia. Mume alimpa karani mmoja amsomee, karani akasoma jinsi alivyojua yeye.

Maofisa wetu wanafahamu kwamba sheria ya jinai ya nchi hii inaadhibu kutoa mimba. Kwa hiyo herufi ile si mchezo wa lugha. Ni hofu inayomfanya mwanamke atokwaye na damu akae ndani siku mbili akisema ni hedhi, kwa kuogopa maswali, huku mabaki yakioza tumboni. Jirani aulizaye "ulikunywa nini?" huenda hana nia mbaya, lakini swali lake ni la polisi. Na tuseme wazi: matibabu baada ya mimba kutoka hutolewa katika vituo vyetu kwa kila mwanamke, na kazi ya mhudumu ni kuokoa maisha, si kuendesha mashtaka.

Ni shoga yule aliyekwenda kwa mume, kwa ruhusa ya mkewe. Hakumhutubia. Alisema, "Shemeji, imetoka. Hakuitoa. Nilikuwapo." Mume akakaa chini kwenye kizingiti. Wakati huu wote hapana mtu aliyempa pole huyu bwana. Wanaume wenzake walimwuliza bei ya dagaa.

Baada ya sababu huja matumaini, nayo huja haraka kuliko pole. "Utapata mwingine." "Wewe bado kijana." "Angalau una mmoja." "Angalau umejua unashika." Nasi Waislamu tuna inshallah yetu, neno tukufu, ambalo tumelizoeza kazi ya kufunga mazungumzo yanayotuchosha. Kosa liko wapi katika kumtakia mtu heri? Liko katika wakati, na katika hesabu iliyofichwa ndani yake. Aliyepoteza mtoto wa Novemba anaambiwa asilie, maana yuko wa mwaka ujao. Hapana mtu angemwambia mjane siku ya mazishi kwamba wanaume wapo wengi. Tena hakuna anayeweza kuitoa ahadi hiyo. Ni kweli kwamba wengi waliopata mkasa huu mara moja hubeba mimba nyingine na kujifungua salama, lakini "wengi" si jina la mtu.

Na katika nyumba zetu matumaini hayo hayabaki kuwa maneno. Huwa kalenda. Mama mkwe huanza kuhesabu miezi. Watu wachache wanajua kwamba yai laweza kupevuka tena majuma mawili tu baada ya mimba changa kutoka, kabla hata ya hedhi kurudi. Mwanamke ambaye hayuko tayari kwa mwili wala kwa moyo aweza kushika mimba tena kwa sababu tu kila mtu alimwambia ndiyo dawa. Muuguzi hana budi kumweleza hilo na kumpa njia ya uzazi wa mpango kama anaitaka. Rafiki yeye hana budi kufunga mdomo juu ya mimba ijayo mpaka mwenyewe aifungue habari hiyo. Shoga wa Ijuganyondo alitimiza miezi mitano bila kuitaja. Alipoulizwa na wengine, "Vipi, bado?", alijibu, "Muulizeni habari za afya yake," akabadili mazungumzo.

Mwaka 2020 watafiti wa London na wa Leuven nchini Ubelgiji walichapisha matokeo ya kuwafuatia wanawake waliopoteza mimba changa, au waliopata mimba nje ya mfuko wa uzazi. Mwezi mmoja baadaye, 29 katika kila 100 walikuwa na dalili za mshtuko wa akili: ndoto mbaya, kurudiwa na tukio lile, kukwepa kila kinachowakumbusha. Miezi tisa baadaye bado walikuwa 18 katika 100. Hao walikuwa wanawake wa mjini Ulaya, nasi hatuchukui hesabu yao tukaibandika Kagera. Lakini yatosha kutuonyesha kwamba anayekuja siku ya pili na asirudi tena amekuja mwanzo tu wa safari. Jirani zetu wa Kenya wameliona hilo: huko Nairobi Bi Wanjiru Kihusa, aliyepoteza mimba yeye mwenyewe, ameanzisha chama cha kuwakutanisha na kuwasaidia wazazi wa namna hiyo.

Kwa maofisa tuna mambo mawili, wala hayahitaji bajeti kubwa. La kwanza ni benchi. Mwanamke anayengoja picha ya pili, au anayekuja kukaguliwa baada ya mimba kutoka, asikalishwe katikati ya wajawazito walioshika kadi zao za kliniki. Benchi lihamishiwe upande wa pili wa ukuta, na mhudumu wa afya wa mtaa aarifiwe, ili asije akapita nyumbani kuuliza kwa nini mama hajaanza kliniki. La pili ni kazi. Uhindi iliweka tangu mwaka 1961, katika sheria yake ya uzazi, likizo ya majuma sita yenye malipo kwa mwanamke ambaye mimba yake imetoka. New Zealand mwaka 2021 ilitoa siku tatu za msiba, kwa mwanamke na kwa mwenzi wake pia. Ya kwanza inautazama mwili, ya pili inautazama msiba. Kwetu mara nyingi mwanamke huomba siku za ugonjwa, akilazimika kuandika sababu katika karatasi itakayopita mikononi mwa watu wanne, na mume haombi chochote kwa kuwa hana la kuandika. Wabunge wetu na waipime habari hiyo. Wakati wanaipima, mkuu wa kazi aweza leo hii kuipokea karatasi ile katika bahasha iliyofungwa.

Mwanamke wetu alikuwa ametarajia kujifungua katikati ya Novemba. Hakumwambia mtu siku hiyo imekaribia. Shoga yake alikuwa ameiandika katika daftari la duka lake, bila maneno, tarehe tu. Asubuhi hiyo alifika na mkungu wa ndizi, akauliza kama akae au aende zake. Akaambiwa akae. Wakamenya ndizi mpaka adhuhuri. Walizungumza juu ya mvua, juu ya ada ya shule, na mara moja, kwa muda mfupi, juu ya jina alilokuwa amelichagua.